Maboksi 92 ya Amoksilini Yana Thamani Gani?

Tuseme famasi inahesabu mali tarehe 31 Desemba 2025 na kukuta maboksi 92 ya amoksilini. Dawa ni ileile, lakini iliingia kwa matoleo matatu: 12 yaliyonunuliwa kwa shilingi 9,000 kila moja yanaisha 11/2025, 30 ya shilingi 10,000 yanaisha 02/2026, na 50 ya shilingi 11,000 yanaisha 09/2027. Daftari linasema mali yote ni shilingi 958,000.

Dawa iliyoandikwa mwezi na mwaka tu huhesabiwa kuwa nzima hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Kwa hiyo yale 12 yalikufa Novemba ilipoisha. Hapo hapo shilingi 108,000 huandikwa hasara, bila kungoja siku ya kuteketezwa. Anayetumia bei ya wastani angefuta karibu 125,000, na tofauti hiyo ingepunguza isivyo halali thamani ya maboksi ambayo bado ni mazuri.

Toleo la pili ndilo linalowaponyoka wengi, kwa sababu bado halijaisha. Duka hili huuza maboksi 10 kwa mwezi. Hata likitanguliza linaloisha mapema, hadi mwisho wa Februari litauza 20. Zahanati ya jirani, yenye wagonjwa wengi, iko tayari kuchukua 10 yaliyobaki sasa hivi kwa shilingi 6,000. Kanuni ya uhasibu ni kuchukua bei ya kununulia au ile inayoweza kupatikana sokoni, yoyote iliyo ndogo. Basi 20 yanabaki na shilingi 200,000, 10 yanashuka hadi 60,000, na toleo la tatu linabaki na 550,000. Mali halisi ni shilingi 810,000.

Hesabu hii yote huvunjika kwenye mkasi. Namba ya toleo na tarehe mara nyingi hugongwa kwenye ncha moja ya karatasi ya vidonge. Muuzaji akianza kukata ncha hiyo, kinachobaki rafuni hakina tena umri. Akate upande wa pili. Na asidhani mzigo uliofika mwisho ndio utakaoisha mwisho: msambazaji anaweza kuleta leo dawa inayokufa kabla ya ile ya mwezi uliopita.

Yale maboksi 12, ingawa sasa thamani yake ni sifuri, yasipotee kwenye kumbukumbu. Hutengwa, hufungiwa na kubandikwa maandishi kuwa hayauzwi. Tanzania, mwenye duka huiandikia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, akiorodhesha jina la dawa, nguvu yake, idadi, namba ya toleo, tarehe ya kuisha na thamani, kisha uteketezaji hufanywa chini ya usimamizi. Idadi iliyoteketezwa ikiwa 9 badala ya 12, mkaguzi atauliza maboksi matatu yameuzwa kwa nani.