Siku Ngapi Hadi Zibaki Megabekereli 30?

Swali limefika kwa simu, picha ya ukurasa wa kitabu iliyopigwa gizagiza: iodini-131, inayotumika kutibu tezi ya thairoidi, ina nusumaisha ya siku 8. Sampuli ina megabekereli 400. Baada ya siku ngapi zitabaki 30?

Au ni 80? Kwenye picha yenye ukungu, 3 na 8 hufanana kama pacha. Ilinganishe tarakimu hiyo na 8 ya “siku 8” iliyo kwenye sentensi ya juu yake. Chapa ni ileile. Ukiisoma 80, utapata siku 18.6, jibu sahihi kabisa la swali ambalo hukuulizwa, na hakuna ukaguzi wa hesabu utakaokushtua. Hapa upande wa kushoto wa tarakimu uko wazi. Ni 30.

Usikimbilie kalkuleta. Nusumaisha ni muda wa kupungua nusu ya kilichopo, si nusu ya kilichokuwepo mwanzo, kwa hiyo siku 16 hazimalizi dawa yote. Siku ya 8 zinabaki 200, ya 16 zinabaki 100, ya 24 zinabaki 50, ya 32 zinabaki 25. Thelathini iko kati ya 50 na 25. Basi jibu liko kati ya siku ya 24 na ya 32, tena karibu zaidi na 32.

Sasa andika mlinganyo:

```
30 = 400 × (1/2)^(t/8)
```

Gawa kwa 400, upate 0.075. Tunachokitafuta, t, kimekaa juu kwenye kipeo, na logi ndiyo inayokishusha chini:

```
t = 8 × log 0.075 ÷ log 0.5
  = 8 × (−1.125) ÷ (−0.301)
  ≈ 29.9
```

Hasi mbili zimefutana. Muda ukitoka hasi, huenda umegeuza 400 na 30, au umegawa namba kwanza ndipo ukatafuta logi, yaani log (0.075 ÷ 0.5), ambayo huleta siku −6.6. Ukichanganya `ln` juu na `log` chini, unapata siku 68.8. Kosa hili halina alama ya hasi ya kukuonya, lakini siku ya 64 sampuli imeshabaki na megabekereli 1.6 tu.

Siku 29.9 zinaweza kubanwa zaidi. Kama kati ya siku ya 24 na ya 32 upungufu ungekwenda kwa mstari ulionyooka, 30 ingefikiwa siku ya 30.4. Lakini uozo huanza kwa kasi kisha hupoa, hivyo mkunjo wake hupita chini ya mstari huo na kuifikia 30 mapema kidogo. Jibu lolote linalozidi 30.4 lina kasoro mahali fulani.