Mwambie mchoraji logo itakaa wapi

Kikundi kikianza kuuza kitu, haipiti muda mrefu mmoja wetu atasema: sasa tunahitaji logo. Anatafutwa kijana anayechora kwa kompyuta, pengine yuko Lubumbashi au Kinshasa, anatumiwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Baada ya wiki inarudi picha ambayo hakuna mama aliyekuwa nayo kichwani. Tunaanza kunung'unika kwamba kijana hajui kazi, naye aliambiwa tu kwamba logo iwe nzuri, ya kisasa na ivutie. Maneno hayo kila mtu anayajaza kwa picha yake mwenyewe.

Tuchukue mfano wa wamama wanaopika sabuni ya mawese, vipande vinavyouzwa sokoni. Sabuni yao tuiite Usafi. Wakimwandikia mchoraji hivi: "Tunataka logo nzuri ya sabuni, ionyeshe mwanamke na ionyeshe Kolwezi," atafanya nini? Mtu wa mbali akisikia Kolwezi anawaza shaba. Ataweka rangi ya kijani ya malakiti, labda na ule msalaba wa shaba wa wazee wetu uliotumika zamani kama pesa. Lakini misalaba mitatu ya namna hiyo ilikuwa kwenye bendera ya Katanga iliyotangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, na wako watu wanaoiona leo wakakumbuka siasa kabla ya kukumbuka sabuni. Mchoraji hakukusudia hivyo. Hakuna aliyemwambia asiiweke.

Kwa maoni yetu, jambo la kwanza la kuandika ni mahali logo itakapokaa, rangi na mapambo yafuate nyuma. Wamama wa Usafi wanajua kwamba logo yao itagongwa kwa muhuri kwenye karatasi ya kufungia, upana wa sentimita 3, kwa wino wa rangi moja. Itapakwa pia kwa mkono kwenye kibao cha mbao mbele ya meza ya sokoni, na itakaa katika ule mduara mdogo wa WhatsApp. Mchoraji akijua hayo matatu, mambo mengi yanaamuliwa yenyewe. Uso wa mwanamke mwenye nywele zilizosukwa vizuri, na nguo yenye maua ya kitenge, utapendeza sana kwenye kompyuta. Ukiugonga kwa muhuri wa sentimita 3, mistari myembamba inajaa wino na mama anageuka doa jeusi. Herufi zisizofika milimita 2 kwa urefu nazo hazitasomeka. Rangi zinazoyeyuka moja ndani ya nyingine, muhuri hauwezi kuzitoa kabisa, na mpaka vibao naye atakisia tu.

Mwaka 1971, huko Portland, Marekani, Phil Knight alimpa kazi mwanafunzi wa uchoraji, Carolyn Davidson. Alitaka alama ya kukaa ubavuni mwa kiatu, ionyeshe mwendo, wala isifanane na mistari ya Adidas. Davidson alichora kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, akailaza juu ya picha ya kiatu aone inakaaje. Alilipwa dola 35, na alama ile ndiyo ya Nike hadi leo. Knight mwenyewe hakuipenda sana siku ya kwanza, alisema labda ataizoea. Kwa hiyo maelezo mazuri hayahakikishi kwamba moyo utaruka ukiiona. Yanahakikisha kwamba kinachorudi kinaweza kutumika.

Jambo la pili ni kusema mnunuzi ni nani na alama zilizo karibu ni zipi. "Mwanamke" haitoshi. Wamama wa Usafi wanamuuzia mama anayefua nguo zenye vumbi jekundu la barabarani na udongo wa machimbo, anayenunua kipande kimoja kimoja. Sabuni mbili wanazoshindana nazo mezani zina karatasi ya buluu. Hilo wapige picha: meza nzima, mchana, bila taa ya simu, pamoja na kipande cha sabuni yao bila karatasi. Picha moja ya namna hiyo ina faida kuliko logo kumi za kampuni kubwa zilizotolewa kwenye simu. Mkituma logo ya watu wengine mnayoipenda, andikeni ni kitu gani ndani yake mnachokipenda, kama ni unene wa herufi au ile nafasi nyeupe, la sivyo atawaletea ndugu yake.

Basi karatasi yao inaweza kusomeka hivi:

"Jina ni USAFI, liandikwe hivyo, herufi zote kubwa. Ni sabuni ya mawese ya kufulia, rangi ya manjano iliyoiva. Ananunua mama wa nyumbani, kipande kimoja. Logo itagongwa kwa muhuri wa sentimita 3, rangi moja, itapakwa kwenye kibao cha mbao, na itawekwa kwenye mduara wa WhatsApp. Mtu aliye hatua tano asome jina. Tunafikiria mikono miwili inayofua, lakini ukiwa na wazo lingine rahisi zaidi, lete. Usitumie uso wa mtu, msalaba wa shaba, wala rangi ya buluu. Tuletee kwanza michoro mitatu ya nyeusi na nyeupe. Majibu yatatoka kwa mtu mmoja tu, namba hii."

Angalieni kwamba hawakumwamrisha kila kitu. Ukimwambia mchoraji kila mstari upite wapi, unalipa mkono wake na kuacha akili yake nyumbani. Jina nalo liandikwe, lisisemwe kwa sauti. Kama kuna maneno ya Kifaransa, alama za juu ya herufi ziwekwe sawasawa, maana atanakili alichopewa.

Ile nyeusi na nyeupe ina sababu. Rangi inaficha udhaifu: watu kumi wataanza kubishana juu ya manjano na hawataona kwamba jina halisomeki. Michoro mitatu ikifika, ichapwe kwa upana wa sentimita 3, iwekwe ukutani, mtu asiyejua habari yake aulizwe anaona nini. Akisema "ndege wawili", mikono haijawa mikono. Hilo ndilo jibu la kumrudishia mchoraji: "mtu ameona ndege", akajua la kurekebisha. "Haijatupendeza" haimsaidii kitu. Na jibu litoke kwa mama mmoja baada ya wote kukaa na kukubaliana, maana mchoraji akipokea ujumbe wa wamama sita atachora logo sita ndani ya moja.

Malipo na marekebisho yaandikwe kabla ya kuanza: sehemu gani inatangulia, na ni mara ngapi atarekebisha bila kuongeza bei. Mara mbili ni kiasi. Andikeni pia kwamba logo ikishalipwa ni mali ya kikundi, maana sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mtunzi wa kazi, na bila maandishi haki zinabaki kwake. Mwishoni mdaini faili mbili: moja ya SVG au PDF, ambayo mtengeneza muhuri na mpaka vibao wanaweza kuikuza bila mistari kuharibika, na moja ya PNG isiyo na rangi nyuma yake, kwa ajili ya simu. Picha iliyopigwa kwenye kioo cha simu haitoshi. Siku kibao kitakapotakiwa kuwa cha mita moja, itatoka na ukungu, na mchoraji huenda ameshabadilisha namba.