Kabla ya kumlipia mama chumba Mji Mkongwe

Gesti nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimo ndani ya majumba ambayo hayakujengwa kwa ajili ya wageni. Ni majumba ya mawe na chokaa yanayozunguka ua wa ndani. Katika mengi yao, chini palikuwa maduka na stoo, na wenyewe wakiishi ghorofani. Mpangilio huo umebaki: mapokezi chini, vyumba juu, na katikati ngazi nyembamba zenye vidato virefu. Na kwa kuwa mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, mwenye nyumba hawezi kuamua tu kubomoa ukuta ili aweke lifti.

Kijana hupanda ngazi hizo akipiga picha. Mzee mwenye magoti mabovu huzipanda mara moja, kisha hashuki tena mpaka siku ya kuondoka. Ndiyo maana anayempeleka mzazi wake huko, iwe kwa harusi au matibabu au kutembelea ndugu, hana budi kuandika barua pepe kabla ya kulipa. Tabu ni kwamba barua nyingi za namna hiyo huuliza vibaya. “Je, chumba kinamfaa mzee?” Jibu huja upesi: “Karibuni sana, mama asiwe na wasiwasi, kila kitu kipo.” Aliyejibu hakudanganya. Ameulizwa maoni, akatoa maoni.

Barua nzuri huomba vipimo. Tuseme binti wa Morogoro anampeleka mama yake, mwenye miaka 78, kwenye harusi Malindi. Mama anatembea kwa fremu ya miguu minne na usiku anatumia mashine ya oksijeni. Binti anaweza kuandika hivi:

“Ndugu Meneja, habari za kazi. Naulizia chumba cha mama yangu, usiku tatu. Anatumia fremu ya kutembelea yenye upana wa sentimita 64, na hawezi kupanda zaidi ya vidato vitatu. Naomba kujua: kutoka gari linapoishia hadi mlangoni kwenu ni hatua ngapi? Kutoka mlango wa nje hadi kitandani kuna vidato vingapi, ukihesabu na vizingiti? Mlango wa bafu una upana gani ukiwa wazi? Kitanda kina kimo gani kutoka sakafuni? Ukiweza, nipigie picha ya mlango wa bafu ukiwa umeshikiza futikamba.”

Kila swali lina sababu yake. Magari hayaingii katika vichochoro vingi vya Mji Mkongwe, kwa hiyo teksi humwacha mgeni Forodhani au Darajani, kisha safari iliyobaki ni ya miguu juu ya mawe. Kizingiti cha mlango wa kale huwa kirefu, na mwenyeji aliyekizoea hakihesabu kuwa kidato. Kitanda cha samadari nacho huwa juu sana. Mzee anahitaji kitanda cha sentimita 45 hadi 50, ili akikaa miguu yake iguse sakafu. Bafu lilichongwa baadaye kwenye kona ya chumba, na mara nyingi mlango wake ndio mwembamba kuliko yote. Pengine sakafu yake imeinuliwa ili mabomba yapite chini. Mlango ukiwa na sentimita 60, fremu ya sentimita 64 haipiti, hata chumba kiwe kizuri namna gani.

Halafu kuna umeme. Unguja hupata umeme wake kutoka Bara kwa waya unaopita chini ya bahari, na watu wa huko hawajasahau giza la takriban mwezi mzima mwaka 2008, wala lile la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009. Waya mpya uliwekwa baadaye, lakini kukatika kwa saa chache kungalipo, na kwa mama mwenye mashine ya oksijeni saa chache si jambo dogo.

Hapa swali la “mna umeme wa akiba?” halitoshi, kwa sababu akiba ni za aina mbili. Kuna jenereta, ambayo huendelea maadamu kuna mafuta na kuna mtu wa kuiwasha. Na kuna inveta yenye betri, ambayo huwaka yenyewe bila kelele lakini huisha. Binti asome kibandiko nyuma ya mashine ya mama. Nyingi za nyumbani za lita tano hula wati 350 hivi. Kisha aulize betri za gesti ni za ukubwa gani. Betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400, lakini ikiwa ni ya risasi na asidi si vema kuimaliza zaidi ya nusu. Zinabaki 1,200, na inveta yenyewe hula sehemu. Mashine hiyo itakwenda kama saa tatu, tena kama hakuna kingine kinachovuta humo. Usiku una saa nane au tisa.

Kwa hiyo barua iendelee: “Umeme ukikatika saa nane usiku, nani anawasha jenereta, na huchukua dakika ngapi? Je, soketi iliyo karibu na kitanda imeunganishwa kwenye akiba, au ni taa tu?” Swali hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Katika nyumba nyingi inveta hulisha taa, intaneti na mapokezi, na soketi za vyumbani zinabaki kimya. Hata majibu yakiwa mazuri, mtungi wa oksijeni wa dharura upangwe na daktari mapema, na kampuni ya boti au ndege iulizwe masharti yake ya kuusafirisha.

Utulivu huonekana kuwa swali dogo la mwisho. Kumbe ndipo maswali yote yanapogongana. Chumba cha chini kisicho na ngazi ndicho kilicho karibu na mapokezi, karibu na baraza ambako watu huzungumza hadi usiku, na mara nyingi karibu na jenereta uani. Chumba tulivu kiko ghorofa ya tatu. Kuomba “chumba cha chini, kimya, chenye umeme wa uhakika” kunaweza kuwa kuomba chumba kisichokuwepo, na meneja mwema atasema ndiyo kwa aibu ya kusema hapana.

Afadhali kuuliza kilichokizunguka: juu yake kuna nini, dirisha linatazama wapi, jenereta iko umbali gani, jikoni wanaanza saa ngapi, na je, kuna mgahawa juu ya paa ambako viti huburutwa usiku? Adhana ya alfajiri itasikika karibu kila mahali. Kwa mama huyu huenda ndiyo sauti anayoitaka.

Jibu likija na namba, lisomwe pamoja na binti mwenyewe kuamua mama avumilie nini. Tuseme chumba namba 2 kiko chini, vidato viwili, mlango wa bafu sentimita 70, soketi ya kitandani iko kwenye inveta, jenereta mita sita kutoka dirishani. Kelele hizo zitakuwepo umeme ukikatika tu, ilhali ngazi zingekuwepo kila siku. Achukue namba 2, kisha aombe sentensi moja zaidi kabla ya kutuma kianzio: kwamba ni chumba hicho hasa, si “kinachofanana nacho”, na kwamba wakikibadilisha fedha zitarudishwa. Na siku mbili kabla ya safari apige simu saa nne usiku, azungumze na mlinzi wa zamu. Huyo ndiye atakayeamka kuwasha jenereta.