Notisi ya deni ina jina lako, ila mdaiwa siyo wewe

Wauzaji wenzangu, majina yetu yanafanana mno. Mimi nililetewa dukani notisi ya dalali wa mahakama: nilipe 3,400,000 ndani ya siku 14, la sivyo mali inakamatwa. Majina yote matatu yangu, mkopo siujui.

Aliyeleta alitaka nisaini kwenye "mdaiwa". Nikakataa kwa adabu, nikaandika pembeni: "Nimepokea nakala. Siye mdaiwa", na tarehe. Akaniambia basi toa hata laki mbili tuongee. Hapo kuweni makini sana, maana ukishalipa hata kidogo itaonekana umelikubali deni. Na msimfukuze kwa fujo, huyo anatekeleza amri, ugomvi utakuletea kesi nyingine.

Kitu cha kusoma kwenye notisi ni namba ya shauri na jina la mahakama. Nilienda masjala ya mahakama ile nikaomba kuona jalada. Ndani kulikuwa na mkataba wa mkopo, na humo kuna namba ya NIDA ya mkopaji. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ya kwake inaanza na 1979, yangu 1999. Picha na sahihi pia tofauti.

Nikaandika barua kwa hakimu, nakala kwa dalali na kwa mdai, nikieleza tofauti hizo moja moja. Niliambatanisha kopi ya kitambulisho na barua ya mtendaji wa mtaa inayosema naishi wapi tangu lini. Kila nilipopeleka niligongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Hiyo msiache, bila muhuri watakwambia hawakuona kitu. Mdai alipolinganisha namba, akaandika mahakamani kwamba siye mimi, na dalali akaambiwa asitishe.

Sasa je, kama mzigo umeshabebwa? Barua peke yake haitoshi. Unapeleka maombi ya pingamizi pamoja na kiapo kwenye mahakama iliyotoa amri, na unaomba mnada usimame mpaka usikilizwe. Wahi kabla mali haijauzwa, maana ukichelewa bila sababu mahakama inaweza kukataa kuyasikiliza. Hapo utatakiwa kuonyesha kwamba siku inakamatwa mali ilikuwa yako au mikononi mwako kwa haki yako mwenyewe.

Na sisi wa mtandaoni hapa ndipo tunapobanwa. Mzigo tumechukua Kariakoo, risiti hatuna. Risiti ya EFD yenye jina au TIN yako ndiyo inayosaidia zaidi. Ukikosa, chapisha miamala ya kumlipa muuzaji wa jumla na meseji za oda, zenye tarehe. Halafu dai orodha ya kila kilichobebwa, isainiwe na dalali palepale kabla gari haijaondoka.