Nani Atafanya, na Lini? Kumbukumbu za Mkutano Zinazotekelezeka

Katika daftari za kamati nyingi za madrasa na vyama vya akina mama, kuna sentensi inayojirudia mkutano baada ya mkutano: "Ilikubaliwa kwamba suala la maji lishughulikiwe." Aisomaye ataelewa kwamba watu walikutana, wakazungumza, wakaafikiana. Asichoweza kukijua ni nani aliyetoka pale akiwa na kazi mkononi. Lugha yetu ina wepesi wa kumficha mtendaji: litafutwe, lifanywe, lishughulikiwe. Hata "tutafuatilia" haimtaji mtu, kwani kila aliyehudhuria hudhani mwenzake ndiye atakayefuatilia.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, inayoamrisha deni liandikwe, imetaja muda maalumu, mwandishi mwadilifu na mashahidi. Tena imeelekeza kwamba maneno ya kuandikwa yatoke kwa yule anayedaiwa. Aya yahusu deni, si mikutano. Hata hivyo katibu anaweza kuazima utaratibu huo: abebaye wajibu autamke mwenyewe, naye katibu aandike.

Tuchukue mfano wa kamati ya akina mama inayotaka kuiwekea madrasa tangi la lita 5,000. Wamekutana Jumamosi tarehe 3, na watakutana tena Jumamosi tarehe 31. Katibu akiandika "Tangi linunuliwe kabla ya mkutano ujao", ameandika matumaini. Kununua tangi si kazi moja. Maji ya lita 5,000 yana uzito wa tani 5, na tangi la plastiki lataka msingi imara uliosawazishwa. Zege la msingi huo nalo lamwagiwa maji kwa siku 7 hivi lipate nguvu kabla ya kubebeshwa mzigo. Tangi likifika kabla ya msingi, litalala uani huku watoto wakilipanda.

Kwa hiyo mwenyekiti auliza kabla ya kufunga ajenda hiyo: "Ni nani ataleta bei?" Mweka hazina ajibu kwamba ataleta bei zilizoandikwa kutoka maduka mawili, kufikia Jumatano tarehe 7. Naibu mwenyekiti asema atamsimamia fundi, msingi uwe umemwagwa Jumamosi tarehe 10. Mwalimu wa madrasa atautilia maji kila siku hadi tarehe 17. Mweka hazina atalipa na kulipokea tangi Jumatatu tarehe 19, na risiti ataikabidhi kwa katibu. Katibu aandika jina la kila mmoja badala ya cheo, kisha asoma yote kwa sauti. Hapo ndipo mweka hazina hukumbuka kwamba tarehe 7 atakuwa safarini. Tarehe yabadilishwa pale pale, bila lawama.

Kila jambo sasa lina mtu mmoja, tendo, tarehe, na alama ya kuonyesha kwamba limekwisha. Alama hiyo ndiyo husahauliwa zaidi. "Nimeongea na fundi" si msingi uliomwagwa, na "bei nimeziulizia" si karatasi mbili za bei. Watu wawili wakipewa kazi moja, mmoja aandikwe kuwa ndiye atakayeulizwa, na wa pili kuwa msaidizi. Asiyehudhuria asipangiwe kazi hadi apigiwe simu akubali. Vinginevyo atakuja mkutano ujao akisema hakuna aliyemwambia, na atakuwa amesema kweli.

Mazungumzo marefu yaliyotangulia uamuzi hayahitaji kurasa tatu. Uamuzi wenyewe na sababu yake kwa sentensi mbili vyatosha. Orodha ya kazi yakaa peke yake juu ya ukurasa, kisha yapelekwa kwenye kundi la WhatsApp usiku ule ule, watu wakiwa bado wakumbuka. Majina ya familia zilizoombewa msaada hayapelekwi humo kabisa. Hayo yabaki katika daftari la katibu.

Tarehe 31, baada ya kuthibitisha kumbukumbu, kamati yaingia kwenye yatokanayo, na hapa orodha ndiyo isomwe, si hotuba. Kila mwenye kazi ajibu neno moja: imekwisha au bado. Aliye na "bado" ataja kilichomzuia na tarehe mpya, nayo yaandikwa kando ya ile ya zamani bila kuifuta. Tarehe mbili zilizokatwa kando ya kazi moja zaeleza jambo: fedha hazipo, au kazi ni kubwa mno kwa mtu mmoja, au kamati haikuitaka tangu mwanzo lakini iliona haya kukataa. Mwenyekiti basi aulize waziwazi kama kazi igawanywe, ahamishiwe mwingine, au iondolewe. Ikiondolewa, katibu aandike kwamba imeondolewa na kwa sababu gani, ili mwakani asije mtu akaianza upya akidhani ilisahauliwa.