Kufupisha Habari Iliyotafsiriwa na Kutenga Jambo la Hakika na Maoni

Habari nyingi zinazohusu mkoa wa Kagera huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hutafsiriwa na kufika kwa mtumiaji wa Bukoba au Muleba kwa njia ya gazeti, redio au simu ya mkononi. Katika safari hiyo habari hupunguzwa, hukolezwa, na mara nyingine hubadilika maana. Hata hivyo, kutokana nayo mtu huamua kama atasafiri, kama atafungua duka lake, au kama atanunua dawa anayouziwa mlangoni. Makala hii inaeleza namna ya kuifupisha habari ya aina hiyo bila kuiharibu. Mfano wetu ni tangazo la Shirika la Afya Duniani la tarehe 14 Januari 2025 kuhusu tuhuma za ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera.

Hatua ya kwanza: tenga habari mpya na historia

Habari ndefu kwa kawaida huanza na jambo jipya na kumalizia na historia. Taarifa za Januari 2025 zilihusu wilaya za Biharamulo na Muleba. Karibu na mwisho zilikumbusha mlipuko wa mwaka 2023 katika wilaya ya Bukoba Vijijini, ambao ulitangazwa tarehe 21 Machi na kumalizika rasmi tarehe 2 Juni, ukiwa na wagonjwa tisa na vifo sita.

Msomaji asiyetenga sehemu hizi mbili atajumlisha vifo vya miaka miwili na kuvifanya vya wiki moja. Tena ataitaja Bukoba kuwa mahali pa ugonjwa mpya, ilhali tangazo halikusema hivyo. Kwa hiyo piga mstari pale habari inapoanza kusema yaliyopita. Yaliyo chini ya mstari huo yasiingie katika muhtasari, au yaingie pamoja na mwaka wake.

Hatua ya pili: andika hoja chache, kila moja na msemaji na tarehe

Soma kila aya na uiandike kwa sentensi moja, kisha uondoe zinazorudia. Tangazo la tarehe 14 Januari linaweza kufupishwa hivi:

1. Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba hadi tarehe 11 Januari kulikuwa na watu tisa walioshukiwa kuugua Marburg katika wilaya za Biharamulo na Muleba, na wanane kati yao walikuwa wamefariki.
2. Sampuli zilikuwa zimechukuliwa, na uthibitisho rasmi wa majibu ya maabara ulikuwa ukisubiriwa.
3. Shirika lilikadiria kwamba hatari ni kubwa kwa nchi na kwa ukanda wake, na ndogo kwa dunia.
4. Lilitarajia wagonjwa zaidi kubainika kadiri ufuatiliaji utakavyoimarika.
5. Lilishauri nchi zisizuie safari wala biashara na Tanzania.

Neno la kuangaliwa zaidi ni “walioshukiwa”. Katika habari za magonjwa kuna ngazi tatu. Anayeshukiwa ni mtu mwenye dalili zinazofanana na za ugonjwa huo. Ngazi ya pili ni ya mtu ambaye dalili zake na uhusiano wake na wagonjwa wengine vinaelekeza kwenye ugonjwa, lakini hakupata kipimo cha maabara, mara nyingi kwa sababu alizikwa mapema. Aliyethibitishwa ni yule ambaye maabara imekuta virusi katika sampuli yake. Mfasiri mwenye haraka huwaita wote watatu “wagonjwa wa Marburg”, na hapo shaka hugeuka kuwa hakika bila mtu yeyote kukusudia kudanganya. Ukikuta habari inataja idadi bila kutaja ngazi, usiijaze wewe mwenyewe. Andika tu kwamba habari haikusema.

Hatua ya tatu: tenga jambo la hakika na maoni

Jiulize swali moja kwa kila hoja: je, jambo hili linaweza kuhakikiwa kwa kuhesabu, kupima au kutazama kumbukumbu? Hoja ya kwanza na ya pili zinaweza, na kwa hiyo ni mambo yaliyotajwa kuwa hakika. Hoja ya tatu ni tathmini ya wataalamu, ya nne ni matarajio, na ya tano ni ushauri. Hizo tatu zote ni maoni, ingawa ni maoni yenye msingi.

Kuita jambo maoni si kulidharau. Ushauri wa kutozuia safari wala biashara una uzito kwa mfanyabiashara wa Muleba. Lakini matarajio ya wagonjwa zaidi hayapaswi kusimuliwa kama “wagonjwa wameongezeka”. Halikadhalika, kuna maneno ambayo mwandishi au mfasiri huyaongeza kutoka kichwani mwake, kama vile “hali inatisha” au “ugonjwa unasambaa kwa kasi”. Maneno hayo yasipokuwa na msemaji wala kipimo, yaache nje ya muhtasari.

Asilimia nazo zina mtego wake. Vifo wanane kati ya tisa ni karibu asilimia 89, na hesabu hiyo ni sahihi kwa watu hao tisa walioshukiwa. Lakini kusema kwamba Marburg huua asilimia 89 ya wanaoipata ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani hutaja wastani wa karibu nusu ya wagonjwa katika milipuko iliyopita, huku kila mlipuko ukitofautiana na mwingine.

Taarifa zinapoonekana kupingana

Siku moja tu baada ya tangazo hilo, Wizara ya Afya ilieleza kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi vya Marburg. Tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba sampuli moja imethibitika kuwa na virusi hivyo, na nyingine 25 hazina. Wapo waliohitimisha kwamba lazima mmoja amedanganya.

Muhtasari wenye msemaji, tarehe na ngazi unaonyesha vinginevyo. Taarifa ya kwanza ilihusu watu walioshukiwa. Ya pili ilihusu sampuli zilizokwisha kupimwa hadi siku ile. Ya tatu ilihusu majibu ya baadaye. Majibu ya maabara huzihusu sampuli zilizopimwa tu, hayasemi lolote juu ya zile ambazo bado. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025, hesabu ya mwisho ilikuwa watu kumi, wote wakiwa wamefariki, na kati yao wawili tu ndio waliothibitishwa na maabara.

Ifahamike pia kwamba jambo linaloweza kuhakikiwa si lazima liwe la kweli. Njia hii humwonyesha msomaji kitu cha kuhakiki na mahali pa kuuliza. Kuhakiki kwenyewe ni kazi inayobaki. Kwa masuala ya afya, mtumiaji anaweza kupiga simu bila malipo kwa Wizara ya Afya kupitia namba 199, au kumwuliza mganga wa kituo kilicho karibu naye. Na anapompelekea jirani muhtasari wake, asiache kuandika nani alisema na lini, kwa kuwa habari ya tarehe 14 ikisomwa tarehe 20 bila tarehe humpotosha hata msomaji makini.