Mwezi Usio na Namba

Barua nyingi za kuomba ufadhili wa shahada ya uzamili ya sayansi ya data ng'ambo huanzia utotoni: kompyuta ya kwanza, mapenzi ya hesabu, ndoto ya kubadili jamii. Mjumbe wa kamati hana cha kupima hapo. Anachotafuta ni ushahidi kwamba mwombaji ameshawahi kuhangaika na data halisi, akafika mahali ujuzi wake ukagota.

Tumchukue mhitimu wa kubuni wa takwimu, anayejumlisha ripoti za zahanati katika wilaya moja ya Tanzania. Wahudumu huandika wagonjwa kwenye vitabu vya MTUHA, na kila mwezi jumla zake huingizwa kwenye mfumo wa DHIS2. Zahanati moja ina wagonjwa wa malaria 112 Aprili, 98 Mei na 105 Julai. Juni hakuna kitu. Akiuhesabu mwezi huo kama sifuri, wastani ni takriban 79. Akiuacha nje, ni 105. Mgawo wa dawa unaotegemea wastani huo utapungua kwa robo nzima.

Je, Juni hapakuwa na mgonjwa, au ripoti haikufika? Mfumo wenyewe unaweza usiseme, kwa sababu DHIS2 haihifadhi sifuri mpaka kipengele husika kiwe kimepangwa kuihifadhi. Kijana akafungua vitabu vya zahanati na kukuta wagonjwa wamo. Kwa zahanati moja, hilo linawezekana. Kwa wilaya nzima hana njia, na hapo ndipo barua yake inapopata uzito: aseme wazi asichokijua.

Sasa chuo. Tuseme anaomba BDMA, programu ya miaka miwili ya Erasmus Mundus inayoanzia Brussels na kuendelea Barcelona muhula wa pili. Programu hii imejengwa juu ya usimamizi wa data: hifadhidata, maghala ya data, uchimbaji wa data. Akijaza kurasa kwa sifa za akili mnemba, atakuwa ameandika barua inayoweza kutumwa popote. Aeleze badala yake jinsi ghala la data linavyoweza kutunza tofauti kati ya sifuri na ripoti isiyofika, na kwa nini anataka kujifunza kulijenga.

Ufadhili wa Erasmus Mundus ni euro 1,400 kwa mwezi, na wengi hushawishika kueleza umaskini wa nyumbani kwa aya nzima. Hiyo aya ingefaa zaidi kutaja kazi atakayoirudia na nani ataitumia.

Kuhusu ile C ya aljebra, sentensi mbili zinatosha: ilitokana na nini, na ni somo gani la baadaye linaloonyesha kwamba pengo limezibwa. Nakala ya matokeo kamati wanayo. Wataiona hata asipoitaja.